Barua Mia na Arobaini na Tatu

Niliseme hili mwanzo, maana ofisini kwetu siku hizi jambo lile limegeuzwa kichekesho cha saa ya chai: Mbodze hakuwa mjinga. Nimekaa mapokezi ya ghala lile la chai pale Mbaraki miaka kumi na mmoja. Nimeona wanagenzi wakija na kwenda, wengine hawajui hata karatasi yaingia upande gani wa mashine ya kuchapa. Yule msichana alikuwa hodari. Na wanaomcheka, kila mmoja ana barua yake kabatini iliyosema abaki kazini, hata mimi.

Jina langu Sheikha, kwetu Kibokoni. Kazi yangu ni kupokea simu, kupokea wageni na kupokea maneno ya watu ambao hawana wa kumwambia. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza mengine niliyaona, na mengine Mbodze aliniambia mwenyewe kule nyuma kwenye birika, akiwa amesimama kwa sababu hakutaka kukaa.

Alikuja Januari, kwa mafunzo ya miezi sita. Mgiriama wa Vitengeni, umri miaka ishirini na mitatu, stashahada ya uendeshaji wa ofisi mkononi, sketi mbili alizozibadilisha kwa zamu. Alipanga chumba Majengo pamoja na binamu yake. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akikaa kwenye duka la kompyuta hukohuko Majengo, akiwachapia watu barua: maombi ya kazi, maombi ya karo, barua za kumbembeleza chifu. Alinieleza kwamba siku moja mzee mmoja alirudi dukani na jibu la barua aliyomchapia, jibu lililoanza "Kwa yeyote anayehusika", na yule mzee akamuuliza, "Sasa mimi nimo humu ama simo?" Mbodze hakulisahau. Aliamini kabisa kwamba mtu akiandikiwa, aandikiwe kwa jina lake, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ile ilikuwa ndiyo dini yake ya kazi, na ndiyo iliyotumiwa kumtesa.

Aliyempokea vizuri kuliko sote alikuwa Mzee Dishon, tarishi wetu. Mtu wa Butere, lakini Mombasa amekaa mpaka amesahau njia ya kurudi. Miaka kumi na tisa amepeleka hati zetu bandarini, benki, kwa mawakili, na bado alirudi saa nne kututilia chai. Ilikuwa imebaki miaka mitatu astaafu. Alikaa Majengo vilevile, nyumba tatu kutoka kwa akina Mbodze. Kila asubuhi alinunua mahamri njiani, na kila asubuhi mawili yalijikuta juu ya meza ya Mbodze, yamefungwa kwa gazeti, bila neno. Mwanagenzi hana mshahara wa maana, na mzee alilijua hilo bila kuambiwa.

Mwezi wa Mei zikaanza zile habari za kupunguza watu. Afisa wetu wa wafanyakazi ni Madam Jacinta, mwanamke nadhifu, mpole wa sauti, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata siku moja. Nawaogopa watu kama hao. Alitoka kwa mkurugenzi na orodha ya wafanyakazi wote mia na arobaini na watatu, imechapwa kwenye karatasi, na kalamu nyekundu amekwisha kuipitisha. Wenye tiki wabaki. Wenye mkwaju, ule mstari wa kukata jina, waondoke. Na watu tisa hawakuwa na alama yoyote.

Akamwita Mbodze.

"Kila mtu apate barua yake," akamwambia. "Kwa Kiswahili, maana wapakiaji wengi Kiingereza hawasomi. Na ziwe na majina, si mambo ya 'mfanyakazi mpendwa'. Mkurugenzi anataka watu waone wamefikiriwa."

"Nitaziunganisha, Madam. Barua moja na orodha. Lakini ingekuwa vizuri nitengeneze barua mbili, moja ya wanaobaki na moja ya wanaoondoka. Niziunganishe mbalimbali."

"Nataka moja. Mkurugenzi akiidhinisha, aidhinishe mara moja. Sitaki kumpelekea makaratasi mawili."

"Na hawa tisa wasiokuwa na alama?"

"Hao waache kwanza. Sijakubaliana naye juu yao."

Basi Mbodze akafanya alivyoagizwa. Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi: huandiki barua mia na arobaini. Unaandika moja tu kwenye Word. Pale jina linapotakiwa, unaacha nafasi iliyopewa jina la safu ya kwenye orodha, na pale pa idara vivyo hivyo, na pale pa miaka ya utumishi. Kisha unaionyesha ile barua orodha yako iliyo kwenye Excel, nayo huteremka mstari kwa mstari: mstari mmoja, barua moja. Nilimwona akiiandaa ile orodha. Namba zetu za kazi huanza na sufuri, na Excel ukiiachia huzimeza sufuri za mbele, kwa hiyo kabla ya kuandika hata namba moja aliigeuza safu nzima ikawa ya maandishi. Akaketi na mafaili ya watu akakagua kila jina. Kuna mpakiaji mmoja ambaye kwa miaka sita ofisi ilimwandika kwa majina mawili tu, akamrudishia la babu yake.

Na kwa kuwa barua ilitakiwa iwe moja, akaitia kanuni ndani yake: kama safu ya uamuzi imeandikwa "abaki", toa aya ya kubaki, na kama sivyo, toa aya ya kuondoka. Chini kabisa akaweka sahihi ya Madam Jacinta, ile iliyopigwa picha, ili Madam asijichoshe mkono.

Wale tisa kwenye orodha aliwaandika kama walivyokuwa kwenye karatasi, kijumba cha uamuzi kitupu. Kisha akaichuja orodha ili mistari yao ijifiche. Kwenye kioo cha kompyuta zikabaki nafsi mia na thelathini na nne. Akaihifadhi. Akajaribu barua za kwanza kumi na mbili, moja baada ya nyingine, zikatoka safi, abakiye abaki, aondokaye aondoke. Akazipeleka kwenye kichapishi.

Hapo, barua ya kwanza ikiwa ndiyo inatoka, Madam Jacinta akamwita juu akaandike kumbukumbu za mkutano. Akaniambia mimi, "Bi Sheikha, wewe na Mzee Dishon mzikunje. Maandishi yawe ndani, jina tu lionekane kwenye kidirisha cha bahasha. Msisome."

Tukaketi pale mapokezi, mimi na mzee, tukakunja. Nikiapa kwamba sikusoma nitakuwa muongo. Niliitafuta yangu. Nikaipata, nikaona neno "utaendelea", nikaikunja upesi, na baada ya hapo roho yangu ikatulia, sikutaka kujua ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyo, na si mimi peke yangu. Mzee Dishon hakusoma hata moja, maana aliambiwa asisome. Alikuwa akizitia kwenye bahasha na kuzibandika, na alipofika katikati akainua moja, akaisogeza mbali na macho.

"Aa, na mimi nimo," akasema. "Dishon Wafula Makokha. Wameandika yote matatu."

Alifurahi kweli. Nilipomaliza nikazihesabu, zikawa mia na arobaini na tatu. Nikasema sawa, ndiyo idadi yetu sote, hakuna aliyesahauliwa. Kama ningejua kwamba zilitakiwa ziwe mia na thelathini na nne! Lakini hesabu hiyo aliifanya mtu mmoja tu, naye alikuwa juu akiandika nani kasema nini kwenye mkutano.

Zikagawiwa Alhamisi asubuhi. Ndimi niliyezigawa, kila mtu akitia sahihi daftarini. Wapakiaji walikuja kwa mafungu kutoka ghalani, vumbi la chai kwenye nyusi. Wengine walizifungua palepale. Mmoja akaniuliza, "Bi Sheikha, hii maana yake nini, 'nafasi yako imeondolewa'?" Nikamweleza. Huo ulikuwa ni mshahara wangu wa siku ile.

Mzee Dishon alikuwa ametumwa bandarini asubuhi. Aliporudi nikampa yake, akaenda nayo jikoni akaisoma akisubiri maji yachemke. Chai ilichelewa. Baadaye akaja nayo, akamtilia kila mtu, hakumruka hata mmoja. Alipofika kwa Mbodze akaiweka ile barua juu ya meza yake, kando ya kikombe.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyezichapa. Hebu nisomee hapa. Huenda miwani yangu imenidanganya."

Mbodze akasoma. Kisha akafungua kompyuta yake, na mimi nikiwa pale mlangoni niliuona uso wake ukibadilika. Alijua kwamba yule mzee hakuwa na alama. Jina la Dishon ndilo alilolitafuta la kwanza alipopewa ile karatasi, kama mimi nilivyolitafuta langu. Halikuwa na tiki wala mkwaju. Sasa barua ilitoka wapi?

Ilimchukua dakika chache kuelewa, na akanieleza pale kwenye birika. Ukiichuja orodha ndani ya Excel, ile mistari hujificha kwa macho yako tu. Word haijali. Yenyewe huichukua orodha nzima, iliyofichwa na isiyofichwa. Kama unataka mtu asipate barua, umwondoe kwenye orodha ya wapokeaji ndani ya Word yenyewe, umtolee tiki yake. Yeye hakuwatolea. Mistari ile tisa ikapita, na ilipofika kwenye kanuni, kijumba kilikuwa kitupu, na kitupu si "abaki". Kwa hiyo wote tisa wakapewa aya ya pili.

"Hawakuachishwa na mtu, Bi Sheikha," akaniambia. "Ni mimi. Hakuna aliyeamua."

"Sikiza," nikamwambia, "enda kwa Madam sasa hivi. Kabla ya adhuhuri. Kosa la saa mbili larekebishwa."

Nami niliamini hivyo. Na yeye akaenda mara moja, hakungoja hata kunawa uso. Nataka hilo likumbukwe.

Chumba cha Madam Jacinta kimetenganishwa na cha kwangu kwa ubao mwembamba. Sikutega sikio, lakini pia sikuondoka.

Mbodze akaeleza yote, polepole, bila kujitetea. Akaleta hata ile karatasi yenye wino mwekundu. Akasema barua tisa za kuomba radhi atazichapa sasa hivi, anahitaji ruhusa tu.

Kisha sauti ile ya upole: "Nani mwingine anajua?"

Mbodze akasita. "Hakuna, Madam." Akanilinda mimi, nami sikuomba.

"Wanane," Madam akasema.

"Ni tisa, Madam."

"Stacy ni mtoto wa dada yake mkurugenzi. Barua yake nitaichukua mwenyewe. Waliobaki ni wanane." Nikasikia kiti kikisogezwa. "Mkurugenzi alitaka watu thelathini na wanane. Asubuhi hii amehesabu nakala za barua za kuondoka, ameona arobaini na saba, amenipigia simu kunipongeza. Amesema sikumwogopa mtu. Unataka nipande juu nimwambie kwamba ni mwanagenzi aliyekosea?"

"Lakini Mzee Dishon, Madam. Imebaki miaka mitatu tu."

"Mbodze. Hiki ulichokifanya, ukikitoa nje, ni kosa la nani? Lako. Mafunzo yako yanaisha Juni. Utataka barua ya kuthibitisha umefanya kazi vizuri. Niandike nini humo?"

Nikasikia karatasi ikikunjwa.

"Tarishi hatumhitaji tena, hati zinakwenda kwa mtandao. Lakini karani mdogo tunamhitaji, na sasa nafasi ipo. Ninakupa siku ya kufikiri. Funga mlango vizuri ukitoka, huo ubao unapitisha sauti."

Kabla ya saa nane mchana Stacy alikuwa ameitwa, barua yake imechanwa, na yuko mezani kwake anakata kucha. Kwa hiyo msiniambie kwamba barua ikishatoka hairudi. Nimeiona ikirudi, na kurudi kwake hakukuchukua hata nusu saa.

Mbodze alikuja kwangu jioni ile. Alitaka nimwambie aseme, na mimi sikumwambia. Huo ndio ukweli na sitaupamba. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na barua ya kubaki kwenye mkoba. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wewe ushafanya la haki. Ushamwambia mkubwa wako, mzigo ni wake." Nilisema kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara, na msichana akaniamini kwa sababu nilikuwa namkumbusha mamake. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile yangu najichukia.

Sasa, barua ile ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho ambao wakili wa kampuni aliutia: asiyeridhika na uamuzi huu anaweza kukata rufani kwa maandishi ndani ya siku saba. Jumamosi Mzee Dishon akaenda kubisha hodi kwa akina Mbodze, nyumba tatu tu. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Mwanangu, wewe barua ndiyo kazi yako," akamwambia. "Niandikie moja. Si ya kulia. Ya kueleza tu."

Wakaenda pamoja kwenye lile duka la kompyuta la zamani. Mzee akasema, Mbodze akachapa. Kwamba aliingia kazini ghala likiwa na paa la mabati matupu. Kwamba mwaka wa mafuriko alizibeba hati za meli kichwani, maji ya kifua, na hata moja haikulowa. Kwamba hajawahi kupoteza bahasha. Kwamba hadai, anaomba aelezwe tu amekosea wapi, ili kama ni kosa la kurekebishika alirekebishe. Mbodze aliniambia kwamba hapo alisimamisha vidole. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni: hujakosea popote, mzee, nimekosea mimi. Mzee akadhani amechoka, akamwambia pumzika kidogo. Akatoka kumnunulia soda.

Akaimaliza ile barua. Nimeisoma. Ni barua nzuri kuliko zote zilizopita mapokezi kwangu, na nilipoipokea Jumatatu niliipeleka kwa Madam Jacinta kwa mikono miwili.

Rufani zilikuwa thelathini na moja. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, moja imeandikwa na mtoto kwa niaba ya babake. Zikakaa kwenye trei ya Madam siku tatu. Nilikuwa nikiingia na kutoka mle na chai (maana chai sasa ilikuwa imehamia kwangu), na pini nilizozibana nazo hazikuguswa. Siku ya nne trei nzima ikawekwa juu ya meza ya Mbodze.

"Unganisha jibu," Madam akasema. "Moja kwa wote. Lakini iwe na jina, na tarehe ya barua ya kila mtu, na miaka yake ya kazi. Waone kwamba tumesoma. Na safari hii nataka uhakika, umenielewa?"

Nilitaka akatae. Nakiri nilisimama pale mlangoni nikimtazama, nikitaka mtoto wa watu mwenye miaka ishirini na mitatu afanye kile ambacho mimi wa arobaini na nne sikukifanya. Akaniangalia. Akavuta kiti.

Na safari hii alifanya kazi bila doa. Akaandaa orodha mpya yenye mistari thelathini na moja, hakuna kilichofichwa, hakuna kijumba kitupu. Tarehe nazo zina ukaidi wao: kwenye barua hutoka mwezi ukiwa mbele ya siku, kwa mtindo wa Wamarekani. Akazigeuza zote zikawa maandishi ya kawaida, siku, mwezi, mwaka. Akazipitia barua zote kwenye kioo, moja moja, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akazihesabu kwa mkono zilipotoka kwenye mashine. Thelathini na moja. Akazikunja mwenyewe. Ilipofika ile moja, niliona mikono yake ikisimama, halafu ikaendelea.

Jibu lilisema hivi, pale pa majina na miaka wekeni ya mnayemtaka: "Ndugu Dishon Wafula Makokha. Tumeisoma kwa makini barua yako ya tarehe 18 Mei. Tumeizingatia kwa uzito miaka yako 19 ya utumishi mwaminifu. Tunasikitika kwamba uamuzi wa awali utabaki kama ulivyo. Tunakutakia kila la heri."

Madam Jacinta akazitazama tatu za juu. "Kazi safi," akasema. Na palepale akampa karatasi ya kujaza, ya karani mdogo, kuanzia tarehe mosi Julai. Mbodze akaijaza kwa herufi kubwa, majina yake yote matatu.

Mzee Dishon alikuja kuchukua jibu lake Ijumaa asubuhi, kabla ya ofisi kuchangamka. Aliifungua bahasha kwa kisu changu cha karatasi, taratibu, asiichane. Akaisoma amesimama. Nilijitayarisha kwa hasira yake, na wallahi nilikuwa naitaka. Nilitaka anitukane, aipige meza, amwite Madam Jacinta jina linalomstahili.

"Wameisoma," akasema.

"Mzee?"

"Barua yangu. Wameisoma. Tazama hapa, Bi Sheikha, wametaja mpaka tarehe. Na miaka yangu wameitaja, kumi na tisa, hawakukosea." Akaikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. "Basi. Mtu akisikizwa na bado ikashindikana, utafanya nini? Nilidhani labda nimesahauliwa kwenye orodha. Ningekufa na hilo. Lakini kumbe walikaa wakanifikiria."

Nikalifunga daftari la wageni.

"Yule mtoto ameshafika?"

"Bado, mzee." Nikadanganya. Alikuwa mezani kwake nyuma ya mlango, hatua nne kutoka pale.

"Mwambie ahsante. Mwambie barua aliyoniandikia ilifika ilikotakiwa. Na nasikia amepata kazi. Mwambie nimefurahi sana, sana. Afadhali nafasi iende kwa mtu wetu." Akatoa kwenye mfuko wa suruali kile kifurushi cha gazeti, akakiweka juu ya kaunta. Akanipa mkono. Akatoka, na mlangoni akageuka akaangalia kama taa ya jikoni imezimwa, kwa mazoea.

Nikapeleka kifurushi nyuma. Mbodze alikuwa ameketi ameshika ukingo wa meza. Hakulia. Ningependa kusema alilia, ingekuwa afadhali.

"Nimesikia," akasema.

Akafungua lile gazeti. Mahamri mawili, kama siku zote. Akalitazama moja kwa muda, akaanza kulila, akitafuna polepole na kumeza kila kipande kama mtu anayetimiza amri. Kisha akanisukumia la pili, wala hakuniuliza kama nalitaka. Nikalichukua nikalila. Bado yalikuwa ya moto.